Mjusi Huyu ni Nani? Kuwatambua Wakazi wa Ukutani na Bustanini Albert Park

Joto la Durban likianza kupanda, kuanzia Oktoba hivi, makundi ya familia kwenye WhatsApp hujaa picha za mijusi. Mmoja kanasa karibu na taa ya jikoni, mwingine kalala juani kwenye ukingo wa roshani, mwingine ana kichwa cha buluu na amekumbatia shina la mti chini ya ghorofa. Swali ni lile lile: jamani, huyu ni nani, na je, ana sumu? Majibu huja haraka, na mara nyingi hupishana. Shangazi wa Kigoma anasema ni mjusi kafiri tu. Kaka wa Uvira anasema hapana, huyo ni mbaya, muueni. Mtoto wa miaka tisa, aliyezaliwa hapa hapa Durban, anauliza kwa nini auawe.

Albert Park ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili. Ni mtaa wa maghorofa, kati ya Diakonia Avenue na barabara ya Margaret Mncadi inayopita kando ya bandari, na Kiswahili cha Kigoma, Bukavu, Bujumbura na Dar es Salaam husikika kwenye ngazi na madukani. Kuna kuta nyingi za tofali na za lipu, taa zinazowaka usiku kucha kwenye korido, na bustani yenyewe iliyoupa mtaa jina lake, yenye miti mikubwa. Mijusi wa ukutani na mijusi wa mitini wanaishi jirani, na picha zao huchanganywa.

Karibu kila picha inayopigwa hapa huangukia katika koo tatu. Wa kwanza ni mjusi kafiri, yule wa usiku anayetembea darini kichwa chini. Wa pili nitamwita skinki, ndiye yule mjusi laini anayeng'aa, wa mchana, mwenye mistari mgongoni. Wa tatu nitamwita agama, mkubwa, mkavu wa ngozi, mwenye kichwa kipana kama pembetatu. Majina haya mawili ya mwisho ni ya wataalamu, na nimeyachukua kwa sababu majina yetu ya nyumbani hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Anayeitwa guruguru kwa mmoja ni mwingine kabisa kwa jirani yake. Mjusi kafiri, kwa bahati nzuri, wengi tunakubaliana naye.

Rangi iwe ya mwisho

Kosa kubwa katika kutambua mjusi pichani ni kuanza na rangi. Mjusi kafiri yule yule huonekana mweupe kama nta usiku chini ya taa, halafu mchana ukimkuta amejificha nyuma ya pazia amekuwa kijivu au kahawia, na michirizi ya mawimbi mgongoni. Ukitumia mwanga wa kamera ya simu, ndiyo anazidi kuwa mweupe. Agama dume ana kichwa cha buluu kinachowaka wakati wa kutafuta majike, lakini jike na watoto wake ni wa rangi ya gome la mti, na dume mwenyewe akiogopa hufifia. Kwa hiyo ukisema "si agama kwa sababu si wa buluu", umewatupa nje zaidi ya nusu ya agama wote.

Anza na ngozi. Kuza picha mpaka uone mgongo vizuri, kisha jiuliza: inang'aa, imefifia, au ina miiba?

Ngozi ya skinki inang'aa. Magamba yake yamepangwa moja juu ya jingine kama ya samaki au kama vigae vya paa, na jua likimpiga utaona mng'ao mrefu ubavuni, kana kwamba amepakwa mafuta. Ngozi ya mjusi kafiri haing'ai. Ni laini, kama karatasi iliyolowa kidogo, imejaa chembe ndogo ndogo na vijipele vilivyopangwa kwa safu mgongoni na kwenye mkia. Agama naye ni mkwaruzo mtupu: kila gamba lina mgongo wake mdogo uliochongoka, na shingoni na karibu na sikio kuna vishada vya miiba midogo. Hana mng'ao. Anafanana na gome alilokalia, na hiyo ndiyo kinga yake.

Baada ya ngozi, angalia shingo. Kichwa cha skinki na mwili wake vimeungana bila kukatika, kama kidole kirefu. Huoni pa kusema hapa shingo inaanzia. Agama ana kichwa kipana, mashavu yamevimba, halafu shingo nyembamba, kisha mabega. Hata kivuli chake tu ukutani kinatosha kumtaja. Mjusi kafiri yuko katikati: kichwa kipana kidogo kuliko shingo, na mwili uliobanwa bapa kama umekandamizwa ukutani.

Kisha macho. Mjusi kafiri hana kope. Jicho lake ni kubwa, limefunikwa na ngozi angavu kama kioo cha saa, na hulisafisha kwa kulilamba kwa ulimi. Ukimwona mjusi pichani ametoa ulimi juu ya jicho lake mwenyewe, kazi imekwisha. Mboni yake mchana husimama wima kama ya paka. Skinki na agama wana kope zinazofumba na mboni ya duara, na jicho la skinki ni dogo kwa kulinganisha na kichwa.

Vidole nimeviacha mwisho kwa sababu mara nyingi havionekani, lakini vikionekana vinashinda ushahidi wote. Vidole vya mjusi kafiri vimetanuka kama vijiko, na chini yake kuna vikunjo vilivyogawanyika katikati, jozi kwa jozi, mithili ya jani lenye mshipa wa kati. Vikunjo hivyo vina nywele ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, na ndizo zinazomshikiza kwenye kioo. Juu ya kijiko kile hutokeza kiungo chembamba chenye ukucha. Skinki na agama hawana vijiko. Vidole vyao ni vyembamba, vinaishia kwenye ukucha, nao hupanda kwa kung'ang'ania mikwaruzo ya tofali au gome. Ndiyo maana huwakuti kwenye kioo cha dirisha wala kwenye vigae vya bafuni, labda awe ameanguka humo na hawezi kutoka.

Tofali ndiyo rula

Watu hukosea sana ukubwa. Picha iliyokuzwa humfanya mjusi wa vidole viwili aonekane mamba. Lakini Albert Park ina rula kila mahali: tofali. Tofali la kawaida la Afrika Kusini lina urefu wa milimita 222 na kimo cha milimita 73. Likionekana pichani pamoja na mjusi, umepata kipimo bila kumgusa.

Mjusi kafiri mzima wa nyumbani, tangu pua hadi ncha ya mkia, huwa sentimita 12 hadi 15 hivi, yaani kama theluthi mbili za urefu wa tofali. Skinki wa mistari mzima hufika sentimita 18 hadi 22, karibu tofali zima. Agama wa mti dume hupita tofali moja kwa urahisi na anaweza kufikia tofali moja na nusu. Usitegemee mkia peke yake, kwa kuwa mjusi kafiri na skinki huuacha mkia wakikamatwa, nao huota tena ukiwa mfupi, laini, wa rangi moja, bila ile michirizi ya awali. Ukiona mjusi ambaye mkia wake umebadilika ghafla katikati kama suruali iliyotiwa kiraka, huyo alikwishapona kifo mara moja. Agama hauachi mkia wake kirahisi hivyo. Pima basi tangu pua hadi mwanzo wa mkia, kisha ulinganishe.

Huyu wa usiku na yule wa kwenu ni mmoja

Mjusi kafiri anayejaa kwenye korido za Albert Park jina lake la kitaalamu ni Hemidactylus mabouia. Ndiye huyo huyo wa kuta za Tanga, Mombasa na Unguja. Asili yake ni bara letu, lakini amesafiri kwa meli hadi Brazili, visiwa vya Karibi na Florida, na jina lake la kisayansi la mwaka 1818 alipewa kutokana na mijusi waliokuwa tayari wamefika upande wa Amerika. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Durban akimtumia bibi yake wa Tanga picha ya mjusi wa jikoni, bibi anaweza kumwonyesha wake pia, na wakawa ni ukoo mmoja.

Huyu ndiye mwenye maneno mengi nyumbani. Wengi wetu tulilelewa na habari kwamba mjusi alipuliza moto uliowashwa kumchoma Nabii Ibrahimu, na jina la kafiri halikosi kukumbusha habari hiyo. Suala la dini kila mtu ana walimu wake wa kumwuliza. Suala la sumu ndilo linaloweza kujibiwa hapa: mjusi kafiri hana sumu, si mdomoni wala ngozini. Chakula kilichoangukiwa na mjusi hakina sumu ya mjusi. Kinachoweza kuwapo ni vijidudu vya salmonela, ambavyo hupatikana kwenye kinyesi cha mijusi, hasa hatari kwa watoto wachanga na wazee. Dawa yake ni kufunika chakula, kufuta meza, na mtoto kunawa mikono akishika ukuta au mjusi. Kinyesi chenyewe ni kijiti cheusi chenye ncha nyeupe. Mijusi wote wanacho cha namna hiyo, kwa hiyo hakikusaidii kujua ni yupi.

Mayai yanasaidia zaidi. Ukikuta mayai mawili meupe, magumu, madogo kuliko kunde kubwa au karibu sawa nayo, nyuma ya kabati au ndani ya sanduku la mita ya umeme, ni ya mjusi kafiri. Skinki wa mistari hatagi ukutani. Huzaa watoto hai. Agama huchimba shimo udongoni na kutaga humo mayai yenye ganda laini.

Mwenye kichwa cha buluu

Agama wa Durban ni wa mitini, Acanthocercus atricollis. Dume hukaa kwenye shina, kichwa juu, akiinua na kushusha kifua kama anayepiga pushapu. Hiyo ni salamu kwa jike na onyo kwa dume mwenzake. Akiona mtu huzunguka upande wa pili wa shina, ukimfuata naye anazunguka, mpaka mtoto anacheka. Chakula chake kikubwa ni wadudu, na sisimizi kwa wingi. Wakati mwingine hushuka kwenye ukuta wa uwanja au nguzo, na hapo ndipo anapoingia katika picha za mijusi wa nyumbani.

Alama ya kumtambua jike na kijana, ambao hawana buluu ya kuwaka, ni baka jeusi kwenye kila bega, pale shingo inapokutana na mwili. Ongeza shingo nyembamba, magamba yenye miiba na urefu wa tofali zima, na huna haja ya rangi.

Wasomaji wa kutoka Kivu watasema: huyu tunaye kwetu. Ni kweli kwamba mna ndugu yake. Zamani wataalamu waliwahesabu wote kuwa jamii moja tangu Ethiopia hadi Durban. Siku hizi wamewagawa, na wa upande wa Kivu wanaitwa Acanthocercus kiwuensis. Kwa picha ya simu tofauti hiyo haionekani vizuri, hivyo mahali picha ilipopigwa ndipo panapoamua.

Agama huyu anauawa zaidi kuliko wengine kwa sababu sura yake inatisha, na kwa sababu akibanwa hufungua kinywa chenye rangi ya chungwa. Hana sumu. Ukimshika anauma kweli, kwa nguvu, kwa hiyo usimshike. Majirani zetu Wazulu nao wana habari ya mjusi, wanayemwita intulo: Mungu alimtuma kinyonga, unwabu, apeleke habari kwamba watu hawatakufa, lakini kinyonga akachelewa njiani, na intulo akafika mbele na habari ya kifo. Kwa mzee anayeiamini hadithi hiyo, mjusi mlangoni si jambo dogo, na si vizuri kumcheka. Lakini unaweza kumwonyesha mtoto wako kwamba yule wa kwenye mti anakula sisimizi, hana habari ya kumletea mtu.

Picha moja iliyosumbua

Mama mmoja wa kutoka Kigoma, anayekaa ghorofa ya tatu, alituma picha asubuhi ya Jumamosi. Kijusi kidogo kwenye ukuta wa tofali wa roshani, juani, chenye mstari ubavuni. Aliandika: "Mtoto wa skinki, au siyo?" Watu sita wakakubali. Nilikawia kukubali, na naeleza hatua kwa hatua kwa nini, maana kosa hili ndilo linalotokea mara nyingi kuliko mengine yote.

Kwanza ukubwa. Kijusi kilikuwa kimesimama wima kwenye tofali moja, na tangu pua hadi ncha ya mkia kilitosha karibu kimo chake chote: sentimita saba hivi. Mtoto mchanga wa skinki wa mistari naye huanzia karibu hapo, kwa hiyo ukubwa haukutoa jibu.

Pili saa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua kali. Hapo wengi huondoa mijusi kafiri wote, kwa hoja kwamba wao ni wa usiku. Hoja hiyo haishiki. Durban kuna mjusi kafiri mdogo wa mchana, Lygodactylus capensis, anayekaa kwenye kuta, nguzo na matawi ya bustani, anayeota jua kama skinki. Watu wa pwani ya Kenya na Tanzania wanamjua binamu yake mwenye kichwa cha njano, anayezurura mchana kwenye minazi na miembe.

Tatu mstari. Skinki wa mistari ana mistari miwili ya rangi ya krimu juu ya mgongo wa kahawia iliyokolea, mmoja kila upande, inayoanzia karibu na jicho na kwenda moja kwa moja hadi kwenye mkia, imenyooka kama imechorwa kwa rula. Kijusi cha wa mchana kina mstari mweusi, unaotoka puani, ukapita katikati ya jicho, ukaendelea juu ya mkono na kufifia ubavuni kuelekea katikati ya mwili. Katika picha ya mama yule kulikuwa na mstari mweusi uliopita jichoni. Hapo nikaanza kuinamia upande wa pili, lakini picha ilikuwa na ukungu, na mstari mweusi chini ya mstari mweupe hudanganya: ukitazama haraka hujui upi ndio mstari na upi ndio ngozi.

Nne ngozi. Jua lilikuwa linampiga ubavuni, na hakukuwa na mng'ao wowote. Skinki katika mwanga ule angeng'aa kama kijiko kilichooshwa. Huo ulikuwa ushahidi wa pili.

Macho hayakusaidia kama nilivyotarajia, na hapa ni vizuri kuangalia. Huyu mdogo wa mchana ana mboni ya duara, si ya wima, kwa kuwa haishi gizani. Anayetumia kanuni ya "mboni wima ndiye mjusi kafiri" atamkosa. Kilichobaki cha kweli ni kwamba hana kope. Jicho lake ni kubwa na halina ukingo wa ngozi juu na chini. Katika picha yenye ukungu hilo halikuonekana.

Nikamwomba mama picha nyingine, ya vidole. Alichofanya kilikuwa cha busara kuliko ushauri wangu. Alingoja kijusi kipande kwenye kioo cha dirisha, akaingia ndani, akampiga picha kutoka upande wa chumbani, tumbo likionekana. Kwa kweli kule kupanda kwenye kioo peke yake kulikuwa kumemaliza mjadala, kwani skinki hawezi. Lakini picha ilionyesha zaidi: vidole vilivyotanuka mwishoni, kidole cha kwanza cha kila mguu kimedumaa hadi karibu kutokuwapo, na chini ya ncha ya mkia vikunjo vya kunatia kama vya vidoleni, ili mkia uwe kama mguu wa tano. Hakuna skinki mwenye vitu hivyo. Alikuwa Lygodactylus, mtu mzima kabisa, wala si mtoto wa mtu yeyote.

Mtoto wa mama yule alitaka kujua kama atakuwa mkubwa. Hapana, huyo ndio mwisho wake.

Asiye na miguu

Lipo jambo moja ambalo linaweza kuokoa kitu adimu, na pia kumwokoa mtoto. Sio skinki wote wana miguu. Kwenye mchanga wa pwani ya Durban, ikiwemo Bluff, ile milima ya ng'ambo ya bandari inayoonekana kutoka kwenye madirisha ya Albert Park, yuko skinki anayechimba chini ya majani makavu, Scelotes inornatus. Hana mguu hata mmoja. Ni mwembamba kama penseli, laini, wa rangi moja isiyo na michoro. Hapatikani popote duniani isipokuwa ukanda mdogo wa pwani kuanzia Durban kwenda kusini, nao ukanda huo umejengwa nyumba, kwa hiyo yumo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Anapoonekana bustanini kwa ndugu wa Bluff, jembe humshukia kama nyoka.

Kwa kawaida ningesema: tazama kope. Nyoka hana kope, skinki huyu anazo. Lakini hapa sishauri mtu akaribie ili aone kope. Durban pia yuko nyoka mdogo mweusi au kahawia, asiye na michoro, anayeishi chini ya ardhi vivyo hivyo, jina lake Atractaspis bibronii. Meno yake ya sumu hutokeza pembeni mwa kinywa, na humchoma mtu hata akishikwa nyuma ya kichwa kwa ile namna inayodhaniwa kuwa salama. Wengi wanaoumwa naye walimwokota wakidhani ni kitu kingine. Sumu yake huvimbisha na kuharibu nyama ya kidole.

Kwa hiyo kanuni ya nyumbani iwe hii, na watoto waijue kwa moyo: chenye miguu minne tunaangalia na kupiga picha, kisicho na miguu hatuokoti, hatuui, tunarudi nyuma hatua mbili na kumwita mkubwa. Mkubwa apige picha kutoka mita mbili kwa kukuza, aiache ijiendee au awaite watu wanaokamata nyoka. Mtu akichomwa, apelekwe hospitali mara moja, bila kufunga kamba, bila kukata jeraha.

Kupiga na kutuma

Picha nzuri ya mjusi hupigwa kutoka ubavuni, simu ikiwa sawa na mwili wake, si kutoka juu. Ubavuni ndipo unapoona jicho, mstari, shingo na vidole kwa pamoja. Piga ya kwanza ukiwa mbali, upate tofali pichani, kisha sogea polepole na upige nyingine, kwa sababu wa kwanza kuondoka kila mara ni mjusi. Usiku zima mwanga wa kamera. Mwenzako amulike tochi kutoka pembeni, na vijipele vya mgongoni vitatoa vivuli vyao na kuonekana. Usimfuate kwa fimbo ili ageuke. Ataacha mkia, na mkia ndio akiba yake ya mafuta ya siku za njaa.

Kama familia haikubaliani, wapo watu wa kuwauliza. Kwenye programu ya simu inayoitwa iNaturalist unaweka picha, tarehe na mahali, na wanaojua mijusi ya Afrika Kusini hutoa jina lao. Jina la kwanza likija, ngoja la pili. Picha zenye ukungu huwapotosha hata wao. Jambo moja kwa wasomaji wetu, hasa ambao hati zao bado ziko ofisini au ambao hawapendi kila mtu ajue wanakokaa: picha ya ukuta wa nyumbani hubeba mahali pa nyumba. Kabla ya kutuma, fungua sehemu ya `Geoprivacy` na uchague `Obscured`. Hapo ramani huonyesha eneo pana badala ya mlango wako. Ukichagua `Private`, hata eneo halionekani, lakini wanaokusaidia nao hukosa kujua kama mjusi ni wa Durban au wa Bukavu, na kama tulivyoona kwa yule agama wa mti, hilo wakati mwingine ndilo jibu lenyewe.